Mizani Haipimi Jasho

Mwisho wa kila robo mwaka, katika vyumba vya mikutano vya kampuni nyingi, husemwa sentensi moja kwa nia njema kabisa: "Lakini watu wamefanya kazi." Husemwa pale namba zinapokuwa zimesomwa na kila mtu ameona kwamba ni ndogo. Anayeisema mara nyingi ni mtu mwenye huruma, aliyewaona wenzake wakiondoka ofisini saa tatu usiku. Vichwa vinatikisika kukubali, na alama iliyokuwa 0.3 inafika 0.6 au 0.7 kabla chai haijapoa. Hakuna anayejiona amesema uongo. Mimi nasema ni uongo, tena wenye gharama kubwa, na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu niliwahi kuutia saini.

Kwa wasiofanya kazi chini ya utaratibu huu, maelezo ni mafupi. Timu huandika lengo kwa maneno, kisha chini yake huandika matokeo muhimu matatu au manne yenye namba. Robo ikiisha, kila tokeo hupewa alama kati ya 0 na 1. Ndiyo ile inayoandikwa OKR kwenye majedwali. Andy Grove aliujenga utaratibu huu katika kampuni ya Intel miaka ya 1970, akianzia kwenye wazo la Peter Drucker la kuongoza kwa malengo, lililotoka mwaka 1954. John Doerr, aliyejifunza kwa Grove akiwa Intel, aliupeleka Google mwaka 1999, na kutoka huko ukasambaa duniani hadi ukafika kwetu. Grove alitaka jambo moja kuliko yote: siku ya mwisho mtu aangalie tokeo na aweze kusema, bila mabishano, kama limefikiwa au halikufikiwa. Huruma ya chumba cha mikutano huanza kwa kuurudisha ule ubishi ambao Grove alikusudia kuuondoa.

Sasa nieleze kilichotokea kwetu. Nilikuwa naongoza timu ya bidhaa katika kampuni ya huduma za fedha kwa simu. Lengo letu la Oktoba hadi Desemba lilikuwa mteja mpya aweze kufungua akaunti mwenyewe bila kuhitaji msaada wa mtu. Chini yake tuliandika matokeo matatu. La kwanza: kati ya watu 100 wanaoanza kujisajili, wanaomaliza wapande kutoka 42 hadi 60. La pili: simu za kuomba msaada wa usajili zishuke kutoka 900 kwa wiki hadi 500. La tatu: skrini mpya za usajili ziwe hewani ifikapo tarehe 15 Novemba.

Robo ilipofungwa, waliomaliza walikuwa 48 kati ya 100. Simu zilizopokelewa zilikuwa 620 kwa wiki. Skrini mpya zilitoka tarehe 13 Novemba, siku mbili kabla ya muda. Kwenye kikao tukajipa 0.8 kwa la kwanza, 0.7 kwa la pili na 1.0 kwa la tatu. Wastani ukawa 0.83. Tulipigiwa makofi, nami nikapeleka jedwali juu likiwa na jina langu.

Tazama ile 0.8 ilivyopatikana. Tuligawa 48 kwa 60. Hesabu ni sahihi, lakini inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hatukuanzia sifuri, tulianzia 42. Kazi tuliyoahidi ilikuwa kusogeza namba hatua 18, kutoka 42 hadi 60, nasi tukaisogeza hatua 6. Kanuni ya haki ni hii:

```
alama = (kilichofikiwa - mwanzo) / (lengo - mwanzo)
      = (48 - 42) / (60 - 42)
      = 6 / 18
      = 0.33
```

Kama bado unaona ni suala la ladha, kwamba kila timu ichague hesabu inayoipendeza, jiulize tungepata ngapi kama timu nzima ingekwenda likizo Oktoba na kurudi Januari, namba ikabaki palepale kwenye 42. Kwa njia yetu, 42 kwa 60 ni 0.7. Yaani kutofanya lolote kungetupa alama ambayo kampuni nyingi huipaka rangi ya kijani. Mizani inayosoma kilo saba kabla hujaweka gunia haiwezi kukuambia chochote kuhusu korosho zako.

La pili lilikuwa gumu zaidi kugundua, na nakiri kwamba sikuligundua mwenyewe. Dada mmoja wa kitengo cha huduma kwa wateja, aliyekaa nyuma kikao kizima bila kusema neno, alinifuata baadaye koridoni. "Kaka," aliniambia, "simu hazijapungua hivyo. Tangu Novemba tumewekewa ile sauti ya kubonyeza moja, kubonyeza mbili. Watu wanachoka kusubiri, wanakata." Nilipoomba kumbukumbu za simu zote zilizopigwa, zilizopokelewa na zilizokatwa, nikakuta 810 kwa wiki. Zile 900 za mwanzo zilihesabiwa wakati karibu kila simu ilikuwa ikipokelewa, kwa hiyo namba ya kulinganisha nayo ilikuwa 810, si 620. Tulishusha simu 90 kati ya 400 tulizoahidi. Hiyo ni 0.23, siyo 0.7. Wateja 190 kila wiki walikuwa wanapiga wakiwa wamekwama, wanakata tamaa, na sisi tulikuwa tunawahesabu kama ushindi.

Grove alikuwa na dawa ya hili, nayo ni ya zamani kuliko kazi yangu: kila kipimo kiwe na mwenzake wa kukichunga. Ukipima simu zilizopungua, pima pia zilizokatwa kabla ya kupokelewa. Ukipima kasi ya kutoa mikopo, pima pia isiyolipwa. Kipimo kimoja kikiachwa peke yake, watu watakisogeza kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, mara nyingi hata bila kukusudia. Aliyeweka ile sauti ya kubonyeza namba hakuwa mtu wa timu yetu, wala hakujua kwamba tuna lengo la kupunguza simu.

La tatu, lile la 1.0, lina kosa la aina nyingine kabisa, na hapa ndipo jasho linapojificha vizuri kuliko mahali pengine pote. Kutoa skrini mpya tarehe 13 Novemba ni kazi. Tuliifanya, na tuliifanya vizuri. Lakini siyo tokeo. Mteja aliyeko Kahama hajali skrini ilitoka lini, anajali kama akaunti imefunguka. Kazi ikiandikwa katika safu ya matokeo hupata 1.0 karibu kila mara, kwa sababu kazi ndiyo kitu tunachoweza kukimiliki toka mwanzo hadi mwisho, na hiyo 1.0 ikiingia kwenye wastani huwanyanyua wenzake wote. Namna ya kuitambua ni nyepesi. Soma sentensi, kisha uliza: je, hili linaweza kukamilika kwa asilimia mia na bado mteja asione tofauti yoyote? Kama jibu ni ndiyo, mahali pake ni kwenye orodha ya kazi. Kuzindua, kuandaa, kufanya semina, kukamilisha ripoti, kutembelea wilaya, vyote ni vitenzi vya orodha ya kazi.

Toa la tatu, rekebisha mawili yaliyobaki, na wastani wa robo yetu ni 0.28. Tulitangaza 0.83. Hakuna takwimu hata moja iliyobuniwa katika safari ya kutoka moja hadi nyingine. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake, na kila hatua ilisukumwa na hamu ya kuheshimu kazi ya watu.

Wanaotetea desturi hii wana mtu mkubwa nyuma yao, na ni haki nimtaje. Doerr mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anakubali mtu airekebishe alama kwa kujitathmini. Anatoa mfano wa tokeo la kupata wateja wapya kumi. Mmoja amepata saba lakini soko lilikuwa limedorora na juhudi ilikuwa ya kipekee, kwa hiyo anajipa 0.9. Mwingine amepata wote kumi lakini anagundua lengo lilikuwa dogo mno, kwa hiyo anajipa 0.7. Ninamheshimu Doerr, na ninaelewa anachokitafuta: anataka alama ibebe hekima, siyo hesabu tupu. Lakini nadhani hapa amekosea, na kosa hili likivuka bahari kuja kwenye ofisi zetu huwa kubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba namba moja haiwezi kujibu maswali mawili. Wateja saba kati ya kumi ni ukweli kuhusu soko na bidhaa. Juhudi ya kipekee ni hukumu kuhusu mtu. Ukivichanganya ukapata 0.9, anayesoma jedwali mwezi wa tatu hajui tena kama wateja walikuwa tisa, au saba na huruma ya mbili, au sita na huruma ya tatu. Ule ukweli wa kwanza umepotea na haurudi. Isitoshe, marekebisho haya kwa maandishi huenda pande zote mbili, juu na chini, lakini katika vikao vyote nilivyokaa nimeona alama zikipandishwa mara nyingi sana, na sikumbuki hata mara moja mkuu wa kitengo akisimama kusema, "Tumefikia lengo lote, lakini lilikuwa jepesi, tuandikieni 0.7." Utaratibu unaotegemea unyenyekevu wa mtu anayehojiwa mbele ya bosi wake utaelemea upande mmoja siku zote.

Kuna njia ya kuihifadhi ile hekima anayoitaka Doerr bila kuiharibu namba. Andika 0.7 katika safu ya alama. Safu ya pembeni, andika kwa maneno kwamba soko lilidorora, timu ilifanya nini, na wewe unaonaje. Maneno yale yasomwe kikaoni kwa uzito uleule wa namba, hata kwa muda mrefu zaidi. Lakini yasiingie ndani ya namba. Mkulima anayepeleka korosho ghalani anaweza kumsimulia karani jinsi alivyopulizia mikorosho mara tano na jinsi mvua ilivyowahi. Simulizi ile ina thamani, na chama cha ushirika chenye akili kitaisikiliza. Lakini karani akianza kuongeza kilo kwa sababu ya simulizi, mkulima wa kwanza kuumia ni yule anayefuata kwenye foleni.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni kuhusu moyo wa watu, nayo siichukulii juujuu. Wanasema: ukimpa mtu 0.33 baada ya miezi mitatu ya kujituma, umemvunja. Nimewaona waliovunjika, kwa hiyo najua jambo hili ni la kweli. Lakini tuulize kilichomvunja. Mara nyingi si namba. Ni kwamba namba ile ilikuwa imefungwa kwenye bonasi, au kwenye kupandishwa cheo, au kwenye orodha ya majina inayobandikwa ukutani. Katika mazingira hayo, mwongo hupata bonasi na mkweli hupata lawama, na hapo hata mimi ningejipa 0.8. Google walitenganisha alama hizi na mishahara tangu mapema, na bila utengano huo sioni namna mtu yeyote anavyoweza kumtaka mwenzake aseme kweli. Kampuni inayotaka kulipa bonasi kwa kufuata alama hizi ijue kwamba tangu siku hiyo haina tena kipimo, ina madai ya malipo.

Juhudi ipimwe, tena kwa makini, lakini ipimwe mahali pake: katika mazungumzo ya msimamizi na mfanyakazi wake, ambapo mtu anaweza kusifiwa kwa kazi bora iliyozaa 0.2 na kuonywa kwa uzembe uliozaa 1.0 kwa bahati. Hili la pili husahauliwa. Kampuni shindani ikikatika mtandao kwa wiki mbili, wateja wake watakuja kwako wenyewe, na tokeo lako litafika 1.0 bila wewe kuinua mkono. Alama ibaki 1.0, kwa sababu ndiyo iliyopimwa. Safu ya maneno iseme ilivyotokea. Ukiikubali kanuni hii siku ya bahati, unakuwa na haki ya kuisimamia siku ya nuksi.

Na ile 0.7? Watu wengi wamesikia kwamba Google huhesabu 0.7 kuwa mafanikio, wakaichukua kama alama ya kufaulu mtihani. Huko ilikuwa na maana maalumu. Malengo yaligawanywa mafungu mawili. Yapo ya ahadi, ambayo timu imekubali kuyatimiza kwa vyovyote, na hayo yanatakiwa kufika 1.0, na 0.7 hapo ni kushindwa kunakodai maelezo. Yapo ya kuthubutu, yaliyowekwa juu makusudi kuliko uwezo unaojulikana, na ni kwa haya tu ambapo 0.7 ni ishara nzuri. Ukiwa hukusema mapema lengo lako ni la fungu gani, utalichagua fungu siku ya kufunga robo, na nadhani kila msomaji anajua utachagua lipi. Kulipa mishahara kwa wakati ni ahadi. Kuleta wateja mara tatu ya mwaka jana ni kuthubutu. Andika neno hilo pembeni ya lengo siku ya kwanza, kabla hujajua kama utalihitaji.

Mfano wa kuthubutu ninaoupenda ni wa kivinjari cha Chrome, kwa sababu namba zake zinajulikana na hazikupambwa. Kilitoka tarehe 2 Septemba 2008, na Sundar Pichai, aliyekuwa akiongoza bidhaa hiyo, aliweka lengo la kufikisha watumiaji hai wa kila wiki milioni 20 mwisho wa mwaka. Hawakufika. Mwaka 2009 wakaweka milioni 50, wakafika 38. Mwaka 2010 wakaweka milioni 111, na safari hii wakalifikia. Fikiria kikao chenye huruma kingefanya nini na ile milioni 38. Timu ilikuwa imejituma sana, bidhaa ilikuwa mpya, na washindani walikuwa wanakuja tayari ndani ya kila kompyuta iliyouzwa. Kila udhuru ulikuwepo, na kila mmoja ulikuwa wa kweli. Ila 38 ikiachwa kuwa 38 inalazimisha swali la nini kimewazuia watu, na majibu waliyoyafanyia kazi yalikuwa nje ya ubora wa kivinjari chenyewe: makubaliano na watengenezaji wa kompyuta, matangazo, na toleo la kompyuta za Mac ambalo lilikuwa bado halijakamilika.

Naijua hoja ya tatu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba matokeo hayako mikononi mwetu, kazi ndiyo iko mikononi mwetu, hivyo si haki kupima kisichoshikika. Sehemu yake ni kweli. Yapo matokeo ambayo robo moja haitoshi kuyaona. Ukibadilisha namna ya kuchuja waombaji wa mikopo ya miezi 12, hutajua mwezi wa tatu ni wangapi wameshindwa kulipa. Kutoa alama yoyote hapo ni ramli. Katika hali hiyo yapo mambo mawili ya kweli ya kufanya. Unaweza kuchagua dalili ya mapema, kama vile wanaochelewesha rejesho la kwanza kwa zaidi ya siku saba, na kusema wazi kwamba ni dalili tu. Au unaandika "bado haijapimika" na kuacha kisanduku wazi. Kisanduku kilichoachwa wazi kimesema kweli. Kisanduku chenye 0.7 iliyotokana na matumaini kitamdanganya mtu atakayekuja kupanga bajeti kwa kukitegemea.

Vilevile namba ndogo zina mtego wake. Kupanda kutoka 42 hadi 48 kwa kila 100 kulikuwa na maana kwetu kwa sababu watu wapatao 2,000 walianza kujisajili kila wiki. Kama wangekuwa 100 tu, tofauti ya watu sita ingeweza kuja na kuondoka kwa bahati, wiki hii 45, wiki ijayo 39, bila yeyote kugusa kitu. Mwenye duka dogo au mradi wa kijiji chenye kaya 60 asijipe 0.33 wala 0.5 kwa mabadiliko ya kaya mbili. Aseme haijasogea kwa kiasi kinachoonekana, asubiri robo nyingine.

Lakini kutoka hapo hadi kusema tupime kazi badala ya matokeo ni kuruka mbali mno. Kama tokeo haliko mikononi mwako kabisa, kosa lilifanyika siku ulipoliandika, na dawa ni kuandika tokeo lililo karibu zaidi na unachokigusa. Hatukuandika kwamba akaunti zote nchini ziongezeke. Tuliandika kwamba aliyeanza amalize. Kati ya mtu kubonyeza "Jisajili" na akaunti kufunguka, karibu kila kitu kilikuwa chetu.

Wengine watasema mfumo wa nje wa kuhakiki vitambulisho ulitusumbua wiki mbili za Desemba, na ni kweli ulisumbua. Pendekezo lililotolewa kikaoni ni kwamba tuziondoe siku hizo kwenye hesabu. Nilikubali wakati ule; leo nisingekubali. Mteja aliyekwama siku hizo alikwama kweli, na kama mfumo wa nje una tabia ya kukatika, basi kuvumilia kukatika kwake ni sehemu ya bidhaa tunayodai tumeijenga. Mbaya zaidi, kanuni ya kuondoa siku mbaya haijawahi kuambatana na kanuni ya kuondoa siku nzuri. Kipimo kifungwe siku ya kwanza: chanzo cha data ni kipi, nani anahesabiwa kuwa ameanza na nani kuwa amemaliza, wiki gani zitasomwa, na nani atasoma. Ni aya moja tu kwenye jedwali. Sisi hatukuwa nayo, na ndiyo maana kila mtu alikuja kikaoni na tafsiri yake.

Sasa niseme kilichofuata, maana hapo ndipo gharama ilipo. Kwa kuwa tulikuwa na 0.83, robo ya Januari hadi Machi tuliendelea na njia ileile. Tulirekebisha rangi, tukafupisha maneno, tukabadilisha mpangilio wa vitufe kwenye skrini zetu mpya. Watu walijituma tena. Mwisho wa Machi waliomaliza walikuwa 49 kati ya 100. Kwa hesabu ya zamani, 49 kwa 60 ni 0.82, karibu sawa na robo iliyopita, kijani kibichi. Kwa hesabu ya haki, tulikuwa tumesogea hatua moja kati ya 12. Ni 0.08. Miezi mitatu ya watu tisa.

Niliiandika hiyo 0.08 nikaipeleka kikaoni, pamoja na 0.28 ya robo iliyotangulia. Kijana mmoja wa timu yangu, mhandisi hodari, alisimama. "Kaka, hii si haki," alisema. "Tumelala hapa." Nilimjibu kwamba najua walilala hapa, na kwamba hilo nimeliandika katika tathmini yake kwa jina, na kwamba halitaguswa na namba hii. Kisha nikamwomba anisaidie kujua wale 51 wasiomaliza wanaishia wapi. Swali hilo tulikuwa hatujawahi kuliuliza kwa miezi sita, kwa sababu mtu mwenye 0.83 haulizi.

Alirudi siku mbili baadaye na karatasi moja. Kati ya kila watu 100 walioanza, 9 walipotea kwenye namba ya simu na ujumbe wa uthibitisho, 10 kwenye kitambulisho, 5 kwenye kuweka namba ya siri. Waliobaki, 27, walipotea kwenye hatua moja: kupiga picha ya uso. Picha ilikuwa inatumwa ikiwa kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Mtandao ukiwa dhaifu ilishindwa kupanda, na programu ilimrudisha mteja mwanzo kabisa, aandike kila kitu upya. Skrini zetu mpya, zile za tarehe 13 Novemba, hazikuigusa hatua hiyo hata kidogo.

Kazi ya kuipunguza picha kabla ya kuituma, na kuhifadhi hatua ambazo mteja ameshazipita, iliwachukua wahandisi wawili wiki tatu. Hakuna aliyelala ofisini. Mwisho wa Juni waliomaliza walikuwa 56 kati ya 100. Tulikuwa tumeanzia 49 na lengo lilibaki 60, kwa hiyo tulisogea hatua 7 kati ya 11, na kwenye jedwali, mbele ya mkuu wa kitengo na yule dada wa huduma kwa wateja ambaye safari hii alikaa mezani, kijana yuleyule aliandika 0.64. Mtu mmoja akapendekeza tuifanye 0.7, kwa kuwa ilikuwa karibu. Akakataa.